Salama za Shemeji Lameck Wodini

Shemeji yangu Lameck alizaliwa siku ambayo mvua ilinyesha kijijini kwetu Hombolo katikati ya kiangazi cha Agosti, na anayebisha aende akawaulize waliokuwapo, kama atawapata hai. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, kwa hiyo mimi nina ruhusa ya kumsema ninavyotaka na yeye ana ruhusa ya kuniita mchawi mbele za watu. Tumeishi hivyo tangu nikiwa na meno yote.

Kazi yake ni kupogoa mizabibu. Kijiji kizima kinamjua kwa hilo. Mzabibu ukikauka kwa mtu, humwita Lameck, naye hupita na mkasi wake akikata hapa, akiacha pale, na baada ya wiki chache mti unachipua kama umetukanwa. Nimewahi kuona kwa macho yangu mbuzi wamesimama nje ya senyenge ya shamba alilolipogoa, wanatazama tu majani, hakuna anayethubutu kuingia. Mmoja alikuwa amepiga magoti.

Ila alikunywa. Alianza na kibuyu kimoja cha pombe ya mtama baada ya kazi, kama wanaume wote. Kikaja kibuyu cha katikati ya kazi. Mwisho kikaja cha kabla ya kazi, maana asipokunywa asubuhi mkasi ulicheza mkononi kama una homa. Nikimwambia, ananijibu, "Shemeji, huo si ulevi. Hayo ni mafuta ya mashine."

Basi Jumapili moja, baada ya binti yake kukataa kumletea wajukuu nyumbani kwa sababu ya harufu, Lameck akasimama kanisani. Akasema mbele ya Mungu na mbele ya kwaya kwamba pombe ameiacha, si kesho, leo. Tukampigia makofi. Mimi nilipiga makofi hadi bangili ikavunjika. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili uliozoea kunyweshwa kila alfajiri kwa miaka hauachishwi kwa makofi.

Usiku ule hakulala. Asubuhi mikono ilikuwa inapiga ngoma yenyewe. Jumatatu mchana akaanguka katikati ya mizabibu, macho juu, miguu inachimba, povu mdomoni. Jirani mmoja akasema kifafa, mwingine akasema shetani wa pombe anaaga. Mkewe, Loisi, hakungoja wamalize. Alitafuta gari, tukampakia, tukampeleka hospitali ya wilaya.

Pale tulipokelewa na nesi anaitwa Ikram, binti wa Kondoa, mdogo wa umbo, sauti ya chini, anatembea kama anayejua anakokwenda. Swali lake la kwanza halikuwa la kifafa.

"Mama, mzee anakunywa?"

Loisi akatazama sakafu. "Hanywi. Ameokoka."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Ikram akatikisa kichwa kama aliyesomewa barua yote. Akamwita Daktari Charles. Wakamchoma dawa ya kuzuia degedege isirudi. Wakampima malaria, wakamtoboa kidole kutazama sukari, wakampapasa kichwa kama amejigonga. Loisi akaanza kulia kwamba mumewe hajala siku mbili, atundikiwe dripu ya glukosi.

"Atatundikiwa, mama," Ikram akasema. "Sukari yake haijashuka, dripu inaweza kusubiri kidogo. Kwanza thayamini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Vitamini. Mtu aliyekunywa sana, mwili wake umeishiwa nayo. Tukimmwagia sukari kwanza, ule mwili unatumia hata ile kidogo iliyobaki, na ubongo ndio unaoumia. Anaweza kubaki hajui mke wala mtoto. Thayamini inatangulia, sukari inafuata."

Mimi nikamwambia hata kwetu mgeni hapewi nyama kabla ya maji ya kunawa. Akacheka, akamchoma sindano hiyo ya thayamini mshipani, ndipo glukosi ikafuata.

Kisha akatueleza utaratibu wao. Ulikuwa umebandikwa ukutani, lakini mimi karatasi huwa naiangalia tu kwa adabu, kwa hiyo niliusikia kutoka mdomoni mwake. Dawa ya kutuliza mtetemo inaitwa diazepamu. Hawaigawi kama uji wa shule, kila mtu kikombe kengele ikilia. Nesi anakuja, anampima mgonjwa: mikono inatetemeka kiasi gani, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, kichwa, anaona au anasikia visivyokuwapo, anajua leo ni siku gani. Kila kitu kina alama zake. Alama zikifika nane, anapewa dawa, na baada ya saa moja anapimwa tena. Zikiwa chini, hapewi.

"Kwa nini msimpe tu nyingi alale?" Loisi akauliza.

"Nyingi mno inamlaza hadi anasahau kupumua. Chache mno, degedege inarudi, au anachanganyikiwa kabisa na moyo unachoka. Ndiyo maana tunampima. Mwili wake ndio unaotuambia."

Ni utaratibu mzuri sana, ila ulikuwa haujamjua Lameck.

Jumanne mimi nilikuwa kwenye benchi pembeni ya kitanda chake, nikasikia mwenyewe. Ikram akaja. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kichwa kinaendeleaje?"

"Salama."

"Tumbo? Kichefuchefu?"

"Salama tu."

"Wasiwasi wowote?"

"Tunamshukuru Mungu."

Unaona basi. Mtoto anamwamkia mzee, mzee anaitikia. Tangu lini mzee wa Kigogo akaulizwa habari na binti wa watu akajibu mbaya? Na mikono aliificha chini ya blanketi, ameikalia kama kuku. Akiambiwa ainyooshe, ananyoosha upesi na kuirudisha. Alama zikawa chache na dawa hakupewa.

Ikram akaniita nje, kwenye baraza. "Bibi, mapigo ya moyo yanakimbia. Shati limelowa, na leo hakuna joto. Mdomo unasema salama. Mmoja kati yao ananidanganya."

"Mdomo," nikasema. "Namjua miaka arobaini."

"Naweza kumpa alama kwa ninachokiona mimi, na nitampa. Lakini vile anavyoviona yeye peke yake siwezi kuvijua asiponiambia. Na hivyo ndivyo vya hatari. Nimeambiwa wewe ni hodari wa kusema uongo."

"Nani amekuambia?"

"Babu. Ndicho kitu pekee alichonijibu kirefu."

Nikarudi kitandani, Ikram akasimama nyuma ya pazia akijifanya anakunja shuka. Nikaketi, nikatazama ukuta, nikaguna.

"Shemeji, hospitali hii ni chafu. Siafu wote hawa wanaotoka dirishani, hakuna hata mfagiaji."

Ukutani hapakuwa na kitu. Lameck akanitazama kwa jicho moja.

"Tena wakubwa," nikaendelea. "Yule wa mbele amevaa kofia. Siafu wa namna hii waliwahi kubeba ng'ombe wa baba yangu, wakamvusha bwawa, wakarudi kudai ndama."

"Acha uongo," akasema.

"Wanatoka dirishani, kwani siwaoni?"

"Hawatoki dirishani." Sauti ilikuwa imeshuka. "Wanatoka kwenye taa. Na si siafu, ni kenge wadogo. Wanashuka na kamba ya dripu. Nimekuwa nawapuliza tangu asubuhi, nikiacha kuwapuliza wananiingia mkononi."

Sikucheka, na mimi hucheka hata msibani. Nikashika mkono wake chini ya blanketi. Ulikuwa unaruka kama samaki wa bwawani.

Ikram akatoka nyuma ya pazia, akavuta kiti, akaketi. Hakumwamkia safari hii. "Babu, leo siku gani?"

"Jumapili."

"Nyoosha mikono, tanua vidole. Usiirudishe mpaka niseme."

Akaiangalia. Akahesabu upya, alama zikapita nane na kuendelea mbele hadi akamwita Daktari Charles, ambaye aliagiza dozi kubwa kuliko ile ya kawaida na kusema apimwe kila saa. Ikram akaleta vidonge na maji. Lameck akafunga mdomo.

"Nimeapa," akasema. "Hiyo ni pombe ya kidonge."

Nilidhani nesi atambishia. Akasema, "Inafanana nayo kidogo, ndiyo maana inafanya kazi. Mwili wako umeegemea pombe miaka mingi, nawe umeing'oa nguzo kwa siku moja. Nyumba inaanguka. Hii ni nguzo ya muda. Tunaiweka, mwili unajifunza kusimama, siku chache tunaitoa. Hutaondoka nayo."

"Na mchungaji atasema nini?"

"Mchungaji hakushukiwa na kenge," nikamwambia.

Yeye akageuza uso ukutani. Ndipo Loisi, ambaye tangu Jumatatu alikuwa anakunja kanga yake na kuikunjua, akasogea.

"Lameck," akasema. "Mimi nilisikia kiapo chako kama wengine, nikafurahi kuliko wengine. Lakini niliolewa na mtu. Ukifa ukiwa umekitimiza, nitakaa na kiapo jikoni?"

Lameck akageuka kutoka ukutani. Halafu akanyoosha mkono unaocheza. Maji nusu yalimwagika kifuani, ila vidonge vilishuka.

Baada ya saa moja Ikram akapima tena. Alama zilikuwa zimepungua lakini hazijashuka chini ya nane, akampa tena. Saa nyingine, akampima, zimeshuka, akamwacha. Lameck alipolala, Ikram alimwita jina aone kama anaamka, akahesabu pumzi zake, akaondoka bila kumpa kitu. Loisi akaninong'oneza kwamba nesi amesahau dawa. Nikamwambia hapana, hiyo ndiyo dawa, kujua saa ya kutompa. Nilijisikia daktari kabisa.

Jumatano, jua likiwa limeshaingia wodini, niliamshwa benchini na sauti yake. Hakuwa anaongea na mimi.

"Nesi. Njoo. Mikono imeanza tena, na tumbo linanichafuka. Kenge hawapo, ila sipendi ile taa."

Ikram akaja mbio za kutembea, akapima, akampa. Mimi nikamtazama Loisi na yeye akanitazama. Katika ndoa yao yote Lameck hajawahi kumwambia mtu kwamba kitu fulani kinamuuma. Hata siku mkasi ulipomkata kidole alisema ni utomvu.

Kutoka hapo ilikuwa kama maji kushuka kwenye mteremko. Dozi zikaachana, zikapungua, zikakoma. Siku nzima ikapita alama ziko chini bila kidonge, leo anaijua, jina la rais analijua, na jina langu analijua kwa matusi. Mtaalamu wa ushauri akaja akaketi naye muda mrefu, wakaongea kuhusu asubuhi, kwamba asubuhi ndiyo saa ngumu, na kwamba kiapo ni kizuri lakini kinahitaji watu wa kukishika pande zote. Akapewa tarehe ya kurudi.

Siku ya kuruhusiwa, Ikram alimpa pakiti ya vidonge vya thayamini, akamweleza namna ya kumeza kila siku.

"Na vile vya mtetemo?" Lameck akauliza.

"Vinabaki hapa."

"Hata kimoja, cha tahadhari?"

"Hata nusu, babu. Ukitetemeka tena, njoo wewe mwenyewe."

Akafikiri, akakubali. Nje ya geti, upande wa pili wa barabara, mama mmoja alikuwa anauza wali maharage. Lameck akasimama, akanusa, akasema ana njaa ya kula meza na mwenye meza. Loisi akamnunulia sahani. Alimaliza, akaomba ya pili, na mimi nikala yake ya tatu ili asivimbiwe.