Kazi Niliyoisindikiza Mlangoni

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya mlimani, na kwa miaka mingi neno lililonitoka upesi kuliko yote lilikuwa "sawa." Mwenzangu akitaka nimshikie zamu, sawa. Kanisani wakitafuta mtu wa kupamba madhabahu, sawa. Nilisifiwa sana, na nilichoka sana.

Kisha mwenzetu aliyetunza stoo ya dawa akahamishiwa Same mjini. Kwenye kikao cha Alhamisi mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, alinigeukia akauliza kama ningeweza kuichukua stoo. Kumkatalia mkubwa mbele ya watu sikuthubutu, basi nikasema, "Ngoja nijipange, Daktari." Kwangu hiyo ilikuwa hapana. Kwake ilikuwa ndiyo, na Ijumaa asubuhi nilikuta orodha mpya ya majukumu kwenye ukuta wa ofisi yake, jina langu limekaa kwenye mstari wa stoo.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Tayari nilikuwa na kliniki ya wajawazito, chumba cha kujifungulia, chanjo, na ripoti ya mwezi. Stoo si kufungua mlango na kutoa vidonge tu. Kila dawa inayoingia na kutoka huandikwa, zilizopo huhesabiwa, zinazokaribia kuisha muda hutengwa, na oda hutumwa kwa wakati. Nilipojipigia hesabu, siku pekee ya kufanya hayo ilikuwa Jumatano. Na Jumatano ndiyo siku ninayopanda pikipiki na kisanduku cha chanjo, kisha natembea hadi kitongoji cha mbali ambako akina mama wananisubiri na watoto. Nisipokwenda, wengi wao hawaupandi ule mlima wakati wa mvua, na watoto wao wanakosa chanjo.

Jumamosi nilikwenda kijijini Bombo kumsalimia mama. Alinipakulia makande, akanisikiliza nikilalamika mpaka bakuli likaisha.

"Mgeni akija na huna pa kumlaza, unafanyaje?" akaniuliza.

"Namwambia hakuna nafasi."

"Ukimwambia hivyo akiwa amesimama mlangoni, umemfukuza. Mkaribishe chai kwanza. Mwonyeshe nyumba ilivyojaa, aione mwenyewe. Halafu msindikize mpaka kwa jirani mwenye kitanda. Lakini usimwambie ngoja, akakesha nje."

Mama hajawahi kufanya kazi ya ofisi hata siku moja. Nilirudi nikiwa nimeshiba kote kuwili.

Kabla sijamwona mkuu, Jumatatu asubuhi nilimtafuta "jirani." Mtaalamu wetu wa maabara hupata sampuli nyingi asubuhi, mchana anatulia. Nikamuuliza kwanza, maana kumtupia mtu mzigo bila yeye kujua ni uchokozi. Akasema yuko tayari, mradi nimwelekeze. Ndipo nikabisha hodi ofisini, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Sista. Umeanza stoo?"

"Ndilo lililonileta. Kwanza asante kwa kuniamini. Alhamisi sikusema wazi, naomba radhi, kosa ni langu. Stoo sitaiweza." Nikamwekea karatasi mezani. "Hii ndiyo wiki yangu. Nikiichukua stoo, itabidi niache safari ya Jumatano, na sitaki watoto wale wakose chanjo. Nimezungumza na mwenzetu wa maabara, mchana ana nafasi na amekubali. Alhamisi hii na ijayo, baada ya saa za kazi, nitakaa naye nimwonyeshe. Uamuzi ni wako."

Alisoma karatasi mstari kwa mstari. Nilikuwa nimejiandaa kwa kuchukia kwake, nikakuta anaitikia kwa kichwa polepole.

"Nilidhani Jumatano unarudi mapema," alisema.

"Narudi jioni."

Akachukua kalamu, akaenda ukutani, akalikata jina langu na kuandika la mwenzetu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Nilikuwa nageuka kutoka akaniita. Akafunga mlango, akashusha sauti. Wilaya, alisema, walimpigia simu wiki iliyopita wakimtaka aisimamie na zahanati ya jirani, kwa kuwa mfawidhi wa huko yuko masomoni. Yeye akajibu, "Ngoja niangalie."

"Wakasikia ndiyo," nikasema.

"Barua imeshafika." Alinisukumia kiti, akaigeuza karatasi yangu upande mweupe, akanipa kalamu. "Hebu niandikie yale maneno yako, Sista. Yote, kuanzia asante. Uyapange vizuri, uniletee kesho."

"Sa..." Neno lilishafika kwenye meno. Nikalimeza, nikamrudishia kalamu kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuniamini, Daktari," nikasema, na yeye akaanza kucheka kabla sijamaliza.