Hakuiba, Ila Paa Linavuja

Pale gazetini hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Jina la Shangazi lilitokana na safu yake ya kila wiki, ambamo aliwasema wakubwa wa mji kama wanavyosemwa wapwa walioharibika: bila kupaza sauti na bila kusahau kitu. Safari hii alimsema mkandarasi aliyejenga soko jipya, jitu la tai nene lililojulikana kwa jina la Bwana Saruji, pengine kwa sababu saruji ndiyo iliyoadimika katika kazi zake.

“Paa linavuja,” aliandika. “Nimesimama ndani ya soko na mwavuli wangu umefunguliwa. Kwa maoni yangu, mtu huyu anawadharau wauza vitambaa, na asipewe paa la shule.”

Bwana Saruji alikuwa akiiwania kazi ya shule hiyo. Mjukuu wa Shangazi alisoma pale.

Barua ya wakili wa Bwana Saruji ilipofika, Mhariri alijifungia ofisini na kuandika maombi ya radhi yenye magoti mengi: tunafuta yote, tunasikitika kwa yote. Wakili wa gazeti, mwanamke mkavu asiyependa salamu ndefu, aliisoma barua huku Shangazi akimtazama.

“Anakudai kwa kashfa mbili,” Wakili alisema. “Ya maandishi ni hii ya gazetini. Ya mdomo, anasema ulimwita mchoyo kwenye foleni ya benki.”

“Ni mchoyo. Hata salamu anaitoa nusu.”

“Hilo halina miguu. Maneno ya mdomo, kwa kawaida lazima aonyeshe yamemtia hasara. Ungemwita mhalifu, au ungesema hajui kazi yake, hapo asingehitaji. Lakini mchoyo? Nani kamnyima kazi kwa uchoyo? Tatizo ni ya maandishi. Hayo yanabaki, watu wanayasoma tena na tena, kwa hiyo hahitaji kuonyesha hasara. Yakimshushia hadhi tu, yanatosha.”

“Hadhi ameiweka wapi, tukaitafute?”

“Basi tufute yote, dada zangu,” Mhariri aliingilia. “Tulale salama.”

“Wewe utalala salama,” Shangazi alimjibu. “Mjukuu wangu ataketi darasani na ndoo kichwani.”

Wakili aliinua mkono. “Paa linavuja kweli?”

“Wauza vitambaa wote watakuambia. Nenda na mwavuli.”

“Basi tukithibitisha ukweli, hata umuume vipi, hatulipi. Na kwamba anawadharau watu, hayo ni maoni. Yanalindwa kama unayaamini, yamesimama juu ya jambo la kweli, na yanahusu mambo ya umma. Soko ni la umma. Safu yako sina neno nayo.” Aligeuza gazeti likamwelekea Mhariri. “Hiki kichwa cha habari kaandika nani? WIZI SOKONI, na picha ya mtu chini yake?”

Mhariri alikohoa. Vichwa vya habari aliviandika mwenyewe, dakika ya mwisho, kwa kupima nafasi iliyobaki. Kuisoma safu yenyewe aliona ni kazi ya wateja.

“‘Paa la soko linavuja’ halikuenea,” alisema.

“Kwa hiyo ukamfanya mwizi kwa kukosa nafasi.”

“Na mimi nina maoni yangu.”

“Wizi si maoni. Umedai kitendo kimetendeka. Una ushahidi?”

Mhariri akamtazama Shangazi kwa matumaini ya mtoto aliyevunja sahani.

“Usinitazame mimi,” Shangazi alisema. Ilimuuma kulitetea lile jitu. “Ni mzembe na ana majivuno, lakini sijamwona akiiba hata msumari.”

Siku ya mapatano Bwana Saruji aliingia na tai yake mbele na wakili wake nyuma. Alitaka yote yafutwe.

“Neno wizi tunalifuta,” Wakili wa gazeti alisema, “na tunaomba radhi kwa hilo. Paa hatuligusi. Ukitaka, tukutane mahakamani. Tutamwomba hakimu aende sokoni mvua ikinyesha.”

Wakili wa Bwana Saruji alimnong’oneza mteja wake kwa muda mrefu. Tai ilishuka kidogo.

“Basi radhi iwe mahali palepale,” Bwana Saruji alifoka. “Herufi kubwa zilezile. Na picha yangu.”

“Picha pia, Bwana mkubwa?” Shangazi aliuliza kwa upole.

“Kubwa zaidi.”

Akapewa alichotaka. Mhariri, ambaye hakujifunza lolote, alipima nafasi kama kawaida yake. Wiki iliyofuata mji uliamka na kuikuta sura ya Bwana Saruji imejaa ukurasani, na juu yake neno moja: HAKUIBA. Chini, gazeti lilieleza kwa adabu kwamba halikuwa na ushahidi wowote wa wizi na kwamba linaomba radhi. Wauza vitambaa waliukata ukurasa huo wakaubandika nguzoni, mahali pasipodondokewa na maji, na haikuwa rahisi kupapata.

Kamati ya shule, iliyokuwa bado haijachagua mkandarasi wa paa lake, ilikuja kupaona. Mvua ilikuwa inanyesha.