Chumvi ya Babu na ya Ng'ombe Wake

Babu hakuogopa presha. Aliogopa kutengewa chungu.

Tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zetu zilikuwa karibu karibu, na kila jioni wazee watano walikula pamoja uwanjani kwetu. Kila nyumba ilileta ugali na bakuli lake la mboga. Mzee mmoja wa upande wa pili aliambiwa ale chakula chake peke yake kwa sababu ya ugonjwa, na baada ya muda hakuna aliyemwita tena. Babu alimtaja mzee huyo njia nzima tulipokuwa tunakwenda hospitali.

Nilikwenda naye kwa sababu ilikuwa likizo, mimi ndiye niliyekuwa napika, na muuguzi wa lishe hakujua Kikurya. Kusema mbele ya watu kunanipa jasho. Nilikuwa nimepanga kutafsiri huku nikiangalia viatu vyangu.

Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimwamkia babu shikamoo kisha akauliza jana alikula nini tangu asubuhi. Babu akajibu kwamba alikula chakula.

"Mwambie hicho nakijua," muuguzi akasema. "Nataka kimoja kimoja."

Tukaenda naye mlo kwa mlo. Uji asubuhi. Mchana viazi vitamu. Jioni ugali, mlenda, na dagaa wakavu kutoka kwa jirani. Kisha akaniuliza mimi kilo ya chumvi inakaa siku ngapi nyumbani, na tunakula watu wangapi.

"Siku tatu," nikasema. "Tuko wanane."

Akagawanya, akaangalia jibu, akaniangalia mimi.

"Binti, kwa hesabu hii babu yako angekuwa ameshakauka kama dagaa. Hata ng'ombe hali hivi."

Babu akaniuliza kwa Kikurya amesema nini, nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie ng'ombe ndio wanaokula. Huyu mke wangu amenihesabu zizini."

Kweli, nyingi ya ile chumvi babu alikuwa akiwalambisha ng'ombe. Uso uliniwaka. Muuguzi hakunicheka sana. Alinisogezea kopo la chumvi na sahani, akasema nimwage kama ninavyomwaga kwenye chungu cha jioni, nisijifanye mwema. Nikamwaga. Akaipima kwa kijiko cha chai, akikisawazisha kwa kisu kila mara.

"Hii si mbaya sana kwa watu wanane," akasema. "Bado sijampata mwizi. Unatia nini kingine kwenye mlenda?"

"Magadi tu."

"Magadi tu." Akatabasamu. "Magadi nayo yana sodiamu, ileile inayopandisha presha kwenye chumvi. Haijali umeipa jina gani."

Akauliza tena, na babu mwenyewe akakiri kwamba huwa na chumvi kwenye karatasi mfukoni, ya kunyunyizia wakati wa kula. Muuguzi akamwomba aitoe. Akaitoa kama mtoto aliyekutwa na peremende.

Babu akauliza swali alilokuja nalo: je, atapikiwa chungu chake?

"Hapana," muuguzi akasema. "Chungu cha nyumba nzima ndicho kitapunguzwa, na pole pole, ulimi uzoee. Mwezi huu makubwa ni mawili: karatasi ya mfukoni iondoke, na magadi yasiguse mboga. Tia karanga au maziwa. Mwezi ujao tutapunguza kijiko. Halafu dagaa, waloweke na umwage maji. Akila na wenzake, akae mbele ya bakuli la nyumbani kwake. Vidonge asiviache."

Viazi, ndizi na maharage alisema vina potasiamu, nayo husaidia, ila tusiongeze mpaka mkojo na damu vipimwe, kwa sababu figo zikiwa mbovu hiyo potasiamu inaweza kumdhuru. Tukasubiri majibu. Figo zilikuwa nzuri. Babu alitangaza jambo hilo kwa kila mtu tuliyekutana naye njiani.

Jioni ya kwanza nilisimama nyuma ya mlango wa jiko. Mzee mmoja alionja mboga zetu, akatafuna taratibu.

"Aliyepika leo amemkasirikia nani?"

"Amekukasirikia wewe," babu akajibu. "Kula."

Siku chache mambo yakawa hivyo. Babu alikaa mbele ya bakuli letu kwa nidhamu, akitazama dagaa wa jirani kama mtu anayemwona ndugu yake ng'ambo ya mto. Tuliporudi hospitali mwezi uliofuata presha ilikuwa imeshuka kidogo. Muuguzi akasema bado, sasa tupunguze kijiko.

Nikapunguza. Jioni ile babu aliniita uwanjani, mbele ya wazee wote, kitu nisichokipenda.

"Mke wangu, kesho ongeza mboga za karanga. Hawa wamezoea bakuli langu, wanakula wao, mimi wananiachia ya kwao yenye magadi."

Wazee wakaendelea kuchovya tonge kwenye bakuli letu.

"Sogea kidogo," jirani akamwambia. "Umelikalia peke yako."