Kijana wa Kubuni Aliyepelekewa Jogoo

Bimkala Pun ana kipaji kimoja kinachonikera: akinyamaza yeye, wengine wanaongea. Mimi nikinyamaza, watu huniuliza kama tumbo linauma. Kwa miaka kumi na moja ameongoza majadiliano ya vikundi katika vilima vyetu vya Nepal, nami nikiwa pembeni na daftari, nikiandika nani kasema nini na nani kainamisha kichwa.

Safari hii tuliwauliza vijana wangemwendea nani moyo ukiwaelemea. Kuna mshauri anayekuja zahanati kila Alhamisi, na hakuna kijana anayemwendea. Ofisi ya afya ilitaka kujua sababu kabla ya kumhamisha. Vikundi viwili vya mwanzo vilitujibu kwa sauti moja: "Huku kwetu hakuna mambo hayo." Kilibaki kimoja.

Ndipo Bimkala akaubadilisha mwongozo. Usimuulize mtu habari zake, alisema, msimulie za mwenzake wa kubuni. Akakaa akabuni Hemanta: miaka ishirini na mitatu, karudi kutoka Qatar, usiku halali, chakula hakimpiti, kutwa yuko juu ya paa.

"Kisa hiki tukipime kwanza kwa watu wa hapa," nikamwambia.

"Bhai, mdogo wangu, wewe kazi yako kuandika."

Basi nikaandika.

Vijana wanane walikaa kwenye mikeka shuleni. Wakaelezwa, wakaridhia, kinasa sauti kikawashwa. Bimkala akasoma kisa cha Hemanta, kisha akauliza, "Mnadhani huyu ana nini?"

Wakatazamana. "Didi, dada yetu, huyo si Tekendra fundi cherehani?"

"Si Tekendra. Ni wa kubuni."

"Karudi kutoka Qatar?"

"Ndiyo, lakini..."

"Yuko juu ya paa?"

"Ndiyo."

"Basi Tekendra!"

Hapo midomo ikafunguka. Mmoja akasema kapatwa na jicho baya. Mwingine akasema aoe. Wa tatu akasema kwa mshauri hatakwenda, maana mlango wa zahanati unatazamana na duka la chai, na akitoka tu ameshaitwa kichaa. Nilijaza kurasa kumi na nne. Mwishoni Bimkala akawakumbusha yaliyosemwa yabaki pale, akawagawia karatasi ya mahali pa kupata msaada. Wote wakaapa.

Kiapo chao hakikufika hata saa ya chai. Tulipopita kwa Tekendra, tulikuta uani sufuria tatu za wali na dengu, mtungi wa maziwa ya mgando, binamu wawili wenye picha za wachumba, na mganga mwenye jogoo mwekundu. Tekendra alikuwa juu ya paa, futi ya kupimia shingoni, akifoka.

"Nani kawaambia mimi naumwa?"

"Shuka ule, mwanangu!" mama mmoja akapaza sauti.

"Nimeshakula!"

"Uongo! Hemanta hali!"

"Hemanta ndiye nani?"

Nilicheka hadi kalamu ikaanguka. Bimkala hakucheka. Aliwaondoa watu mmoja mmoja, akapanda ngazi, akamwambia kosa ni lake: kisa alikitunga bila kukipima mahali penyewe. Nikaona aibu kwa kicheko changu.

Tekendra akavua futi shingoni, akaikunja. Bimkala akanyamaza, kile kimya chake.

"Hiyo Alhamisi," Tekendra akasema, sauti ndogo, "mtu akienda mapema sana, duka la chai linakuwa limefunguliwa?"

Jioni Bimkala alimpigia simu profesa anayeusimamia utafiti wetu, akakiri yote, na Hemanta akafutwa kwenye mwongozo. Baadaye tulikaa kuweka alama kwenye maandishi ya kikundi, yaani neno moja la kutaja kila kauli inahusu nini, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha. Pale kijana aliposema "tungempelekea chakula", mimi niliandika "familia", yeye "msaada usioombwa". Tukabishana hadi alama yake ikapata maelezo yake na mfano wake kwenye orodha. Alama ya "macho ya watu" ilijaa kuliko zote, na habari ya hilo duka la chai ndiyo tuliyoipeleka ofisi ya afya.

"Na maneno ya Tekendra?" nikauliza. "Ndiyo bora kuliko yote tuliyopata!"

"Hakuwa kwenye kikundi. Hakuridhia. Futa."

Nikafuta, roho ikiniuma.

Alhamisi tulimsubiri Tekendra upande wa pili wa zahanati kabla ya jua kupanda. Alikuja, na duka la chai, kwa bahati mbaya, lilikuwa wazi. Kwapani kabeba yule jogoo mwekundu aliyeachwa na mganga.

"Wapi asubuhi yote hii, Tekendra?" mwenye duka akauliza.

"Jogoo huyu usiku halali," akajibu bila kugeuka. "Nampeleka akaonwe."

Mwenye duka akaangua kicheko. Tekendra akaingia. Alikaa humo saa nzima, na jogoo, aliyetolewa kwa mlango wa nyuma, tukashikishwa sisi.