Ile Tano na Ile Saba

Hasira ile haijaniisha, na wala sitaki iishe.

Tulikuwa tunasahihisha mtihani wa majaribio wa darasa la saba wa shule za kata yetu, baridi ya Juni imetufunga masweta mpaka shingoni. Kwa utaratibu wetu kila mwalimu hupewa swali moja, analisahihisha katika karatasi zote za shule za kundi lake. Mimi niliangukiwa na swali la Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KKS na KDS, za 360 na 84.

Karatasi ya mwanafunzi wangu niliitambua kwa mwandiko. Ni binti wa wakulima wa ulezi kule pembezoni mwa Izia, na alikuwa anaitaka shule ya wasichana ya misheni, upande wa Kaengesa, kuliko kitu chochote. Alizivunja namba zote mbili kuwa tasa:

360 = 2³ × 3² × 5
84 = 2² × 3 × 7

Kwa KKS alichukua tasa zilizo pande zote mbili, kila moja kwa kipeo chake kidogo: 2² × 3 = 12. Kwa KDS alichukua kila tasa iliyojitokeza popote, kwa kipeo chake kikubwa: 2³ × 3² × 5 × 7 = 2520. Safi kabisa!

Mwongozo wa majibu ulisema KDS ni 72. Mwenyekiti wetu wa usahihishaji, aliyeuandaa, alichukua vipeo vikubwa vizuri tu, halafu akazitupa tano na saba kwa sababu kila moja iko upande mmoja.

Nikamwendea. "Mwenyekiti, kigawe cha 360 kitakuwaje 72? Ni kidogo kuliko namba yenyewe!"

"Mwalimu, shule nyingine zimeshasahihishwa. Matokeo yanatakiwa kesho."

"Basi turudie."

"Fuata mwongozo. Usituletee ujuaji hapa."

Wenzangu wakainamia karatasi zao. Walimu wa hesabu, watu wazima, na wanajua! Nikaweka kalamu chini. Swali akapewa mwingine, akamkosesha binti wangu bila hata kupepesa macho.

Karatasi ziliporudi nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba yeye ndiye aliyepata. "Sawa, mwalimu," akajibu, macho yakiwa kwenye wino mwekundu.

Siku ya mtihani wa kujiunga na ile shule ya misheni nilimsindikiza, nikamsubiri nje ya geti. Akatoka anakimbia, anacheka.

"Shikamoo, mwalimu! Limetoka lile lile! Namba zilikuwa 48 na 60."

"Marahaba. KDS umepata ngapi?"

"Arobaini na nane. Ile tano ilikuwa upande mmoja tu, nikaiacha. Safari hii hawanikoseshi, mwalimu."