Sifuri ya Alhamisi

Nilikuwa nafundisha somo la biashara katika shule ya bweni ya wasichana mjini Kitale. Jumapili moja nilitunga jaribio la majibu mafupi. Swali la kwanza lilitaka maana ya mauzo na ya wastani wa mauzo. La pili lilikuwa na jedwali la duka moja lililouza mikate kwa siku tano: Jumatatu 40, Jumanne 35, Jumatano 45, Alhamisi 0, Ijumaa 60. Tarakimu zile nilizitoa kichwani tu. Sifuri niliiweka makusudi, nione nani angesahau kuihesabu siku ile.

Wasichana walifanya jaribio Jumatano asubuhi. Jioni, nikisahihisha, nilifikia karatasi ya msichana mmoja wa Myanga, karibu na Bungoma, ambaye mamake alikuwa na duka sokoni huko. Aliandika kuwa mauzo ni thamani ya bidhaa zilizouzwa katika kipindi fulani. Jumla ya mikate alipata 180, akaigawa kwa tano bila kuiruka Alhamisi, akapata 36. Kwa bei ya shilingi 60 kila mkate, mapato yalikuwa 10,800. Yote sahihi. Chini yake alikuwa ameandika kwa penseli: "Mwalimu, duka hili ni kama la mama, na mama hufunga siku ya mazishi tu. Naomba nipige simu."

Nilimwita, nikampa simu yangu. Aliiweka kwenye spika na kumwomba mamake asome daftari la mikate la wiki hiyo.

"Jumatatu arobaini," mama alisoma taratibu. "Jana thelathini na tano. Leo arobaini na tano. Kwani kuna nini?"

Nililitazama jedwali langu: tarakimu zilikuwa zile zile. Msichana hakuniangalia. Alimwambia mamake kwamba shangazi aje alale hapo leo, na asiulize sababu. Mama alicheka kidogo, lakini akakubali.

Alhamisi asubuhi, kabla hajafungua duka, mama alianguka jikoni. Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi na maneno yakamkwama. Shangazi alimfikisha hospitali ya Bungoma mapema, na daktari alisema wangechelewa, ingekuwa habari nyingine. Siku hiyo duka halikufunguliwa. Ijumaa shangazi alilifungua ili apate pesa za dawa. Nilipompigia jioni kumuuliza kama ameuza mikate sitini, alisema ndiyo, sitini kamili, na akauliza nimejuaje.

Jumamosi nilisafiri na msichana hadi Bungoma. Mamake alikuwa ameegemea mito, mdomo umepinda kidogo, lakini alizungumza. Alimshika mtoto mkono muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu ya mikate?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na ya wiki ijayo umeandika nini?"

Nilimwambia sijaandika kitu. Aliendelea kunitazama, kama anayengoja nikumbuke vizuri.