Kadi ya Shangazi na Nyimbo Zilizofutwa

"Mteja wangu mtamu, nyimbo hizi umewekewa na fundi mwenye roho safi, hapa hapa Kitale. Ukimaliza kucheza, rudi."

Sauti hiyo bado naisikia nikifumba macho. Ilitoka kwenye kompyuta ndogo ya mtaalamu, ofisini mwa wakili mjini Bungoma. Nyuma yake kulikuwa na kinanda, na mwishoni kicheko kifupi. Kicheko hicho nilikijua. Nilikuwa nimepanga kuishi nacho nyumba moja.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, tena kwa kusukumwa. Lakini simu nilizipenda tangu nikiwa mdogo. Nilipata kazi kwenye duka la kutengeneza simu mjini Kitale, na hapo ndipo nilipompata mchumba wangu. Alikuwa fundi wa hapo. Asubuhi tulibadilisha vioo na betri, mchana aliwajazia wakulima nyimbo kwenye kadi zao: injili kwanza, halafu nyimbo za jandoni, halafu zile za mapenzi. Na kila kadi, hata iwe ya nani, ilianza na hiyo salamu yake aliyojirekodi mwenyewe. Mimi nilicheka kila niliposikia. Nilikuwa mtu wa kucheka sana.

Tulikuwa na ndoto moja. Duka letu wenyewe, la kufufua vitu vilivyofutwa kwenye simu: picha za harusi, sauti za marehemu, ujumbe wa watu waliogombana wakapatana. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya mlango. Ilipotangazwa kozi fupi kwenye chuo cha ufundi, tulijiandikisha wote wawili na tukakaa dawati moja.

Mwalimu wetu aliwahi kufanya kazi kwenye maabara ya polisi. Siku ya kwanza alituvunja moyo. "Simu nyingi za siku hizi zinafunga data yake kwa msimbo wa siri," alisema. "Ukifuta kitu kwenye kumbukumbu ya ndani, mara nyingi kimeenda. Msimwahidi mtu." Halafu akainua kadi ndogo ya kumbukumbu. "Lakini hii bado ina huruma. Ukifuta video hapa, video haitoki. Simu inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi. Itakaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake."

Kwa hiyo sheria ya kwanza ilikuwa kuacha kutumia simu mara moja. Ya pili, usifufue kitu ukakirudisha kwenye kadi ile ile. Hapo darasa lote lilicheka, maana sisi mafundi hivyo ndivyo tunavyofanya. Mteja analeta kadi, tunamtolea picha zake, tunamrudishia hapo hapo, anaenda nyumbani akifurahi. Mwalimu hakucheka. "Ukifanya hivyo kwenye kesi, umeua ushahidi huku ukidhani unamsaidia mwenye kadi."

Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa upande wa Naitiri. Mume wake alipofariki, mdogo wa marehemu alianza kusema shamba la kando ya mto ni lake. Ukweli ni kwamba marehemu akiwa hai waligawana. Wazee walikuja, wakatembea mpakani, wakapanda mkonge, na huyo shemeji akasimama mbele ya simu ya Shangazi na kusema kwa mdomo wake, "Kuanzia hapa kwenda chini ni kwa kaka na mama wa watoto." Lakini wazee wawili kati ya wale wameshakufa, na wa tatu ana mambo yake na shemeji. Ilibaki video. Siku za matanga simu ya Shangazi ilizunguka mikononi mwa watu wengi, kupiga na kupigiwa, na ilipomrudia video haikuwepo. Kesi ikaenda mahakamani Bungoma. Akishindwa, nyumba yake iko kwenye hilo shamba.

Alinipigia simu akilia. Nikamwambia, "Shangazi, izime. Usipige picha yoyote."

"Hata vifaranga wangu? Si wametoka juzi tu."

"Hata vifaranga. Izime sasa hivi, uniletee."

Alikuja Kitale akiwa ameifunga ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa unga. Mchumba wangu alimpokea vizuri sana. Alimwita mama, akamwagizia chai na mandazi, akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Mulembe, mama. Hiyo simu umeifunga kama mtoto mchanga, bana."

"Si ndiyo iko na shamba langu?" Shangazi akajibu, na sisi wote tukacheka.

Nilitoa kadi nikaipiga picha mbele na nyuma. Niliiweka kwenye kifaa alichotuazima mwalimu, kile kinachoruhusu kompyuta kusoma kadi lakini hakiiruhusu kuandika hata herufi moja. Halafu nikatengeneza nakala ya kadi nzima, pamoja na zile sehemu zinazoonekana tupu, kwa sababu humo ndimo vilivyofutwa vinalala. Mwisho nikaiamuru kompyuta ipige heshi. Heshi ni mfululizo mrefu wa herufi na namba, kama alama ya kidole ya data. Ukibadilisha kitu kidogo tu kwenye kadi, heshi inatoka nyingine kabisa. Ya kadi na ya nakala zililingana. Nikamtumia wakili heshi hiyo kwa ujumbe wa simu, mbele ya Shangazi.

Video tuliitafuta kwenye nakala, si kwenye kadi. Ilipofunguka, marehemu alionekana ameshika jembe, na shemeji kando yake anaonyesha kidole chini mtoni. Shangazi aliushika mkono wangu akaung'ang'ania mpaka ikaisha.

Wakili alikuwa ametuonya mapema. Mimi ni mtoto wa kaka yake Shangazi. Kazi yangu peke yake ingetiliwa shaka, kwa hiyo mtaalamu asiye na undugu na sisi lazima aifungue kadi yenyewe, aipige heshi, aone kama inalingana. Kadi ilitakiwa kufungwa kwenye bahasha, kugundishwa, na kusainiwa juu ya mdomo wa bahasha.

Shangazi alitaka kuwahi gari la Naitiri kabla ya mvua. Mchumba wangu akasema, "Mpeleke mama. Mimi nitafunga hii, utakuja kusaini." Nilimsindikiza. Niliporudi, bahasha ilikuwa tayari imegundishwa, safi, haina hata mkunjo. Nikasaini juu. Yeye alikuwa anafagia sakafu akipiga mluzi. Kesho yake nikaipeleka Bungoma kwa mkono wangu, na wakili akaifungia kwenye kabati la chuma.

Mtaalamu alitoka Eldoret, mzee mpole mwenye miwani. Alikagua bahasha akaridhika. Alichomeka kadi kwenye kifaa chake cha kuzuia kuandika, akatengeneza nakala yake, akapiga heshi. Akailinganisha na ile iliyokuwa kwenye simu ya wakili. Akarudia kusoma kutoka mwanzo.

"Hazilingani," akasema.

Shangazi alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempenda. Wakili naye aliweka kalamu chini. Kwenye chumba kile mtu pekee aliyejulikana kuigusa kadi nilikuwa mimi.

"Kuna vitu vimeandikwa halafu vikafutwa," mtaalamu akaendelea, bila haraka. "Video yenu imekanyagwa, imebaki vipande. Ngoja tuone ni nini kimeikanyaga." Akafufua. Zikaja injili, zikaja nyimbo za jandoni, zikaja za mapenzi, kwa mpangilio ule ule ninaoujua. Saa ya kuandikwa kwake ilikuwa mchana ule ule, baada ya ujumbe wangu kwa wakili. Nilipokuwa nimemshika Shangazi mkono tukienda stendi.

Faili la kwanza kabisa lilikuwa fupi. Akalibofya.

"Mteja wangu mtamu..."

Nafikiri hata hakukusudia kuiweka. Aliburuta folda yake ya kila siku, na salamu ilikuwa humo, kama ilivyokuwa kwenye kadi za watu wote wa Kitale. Halafu akazifuta, akadhani zimeenda. Na darasani tulikaa dawati moja, tukafundishwa kwamba haziendi.

Nilirudi Kitale nikamkuta dukani akifungua simu ya mteja. Niliongea kwa upole, kwa sababu nilikuwa bado natamani aniambie nimekosea.

"Kadi ya Shangazi ina nyimbo zako."

Hakuuliza nyimbo gani. Aliweka bisibisi chini. "Shemeji yake alinipigia. Ana jengo pale Bungoma mjini, linatazama barabara. Ati heshi ikitoka tofauti tu, kesi inakufa, na mimi nachukua chumba cha mbele."

"Chumba cha nini?"

"Si cha duka letu? Wewe ulifikiri tutafungulia wapi, kwa ndoto?"

"Yule mama ulimnunulia mandazi."

"Na ningemnunulia tena. Shamba si ana lingine huko kwao?" Alinishika bega. "Sikiza. Nakala yako iko salama. Sema tu kadi iliharibika yenyewe. Kadi zinaharibika kila siku. Mimi nilifanya kwa ajili yetu."

Kilichoniumiza si uongo. Ni kwamba aliutoa ndani ya kitu changu. Ule mlango niliochagua rangi, yeye aliuchukua akaenda kuupimia ukuta wa mtu mwingine.

Wakili alinieleza wazi. Nakala yangu bado inalingana na heshi niliyotuma siku ile, na mtaalamu amethibitisha hilo. Lakini mahakama itauliza kwa nini kadi yenyewe imebadilika. Kiapo changu lazima kieleze kadi ilipita mikononi mwa nani, hatua kwa hatua, bila pengo. "Ukiacha pengo," alisema, "upande wa shemeji utaingiza jina lako humo, na video itatupwa pamoja nawe. Sikulazimishi. Ni wewe utakayeapa."

Shangazi alikuwa nje kwenye benchi. Alikuwa ameniomba radhi kwa ule mtazamo, nami nikamwambia hakuna neno, lakini tulikuwa hatujazoeana tena vizuri. Alinipa nusu ya ndizi yake. Nikaila.

Karani wa wakili alinipa chumba kidogo cha nyuma, meza na karatasi, akaenda kula. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mezani, mchumba wangu anapiga. Nikaizima. Niliandika jinsi nilivyoipokea simu ya Shangazi, nilivyotoa kadi, kifaa nilichotumia, nakala, heshi, ujumbe. Mkono ulienda vizuri mpaka nilipofika pale nilipotoka kumsindikiza. Hapo niliandika, "Kadi niliiacha kwa," nikasimama.

Nje watu walikuwa wanabishana kuhusu mahindi. Nilifuta jicho kwa mkono wa sweta, nikaandika majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho chake.